Kunasa Kosa la Aljebra kwa Kukagua Vizio

Katika mekanika, kila herufi iliyomo kwenye mlinganyo inasimamia kitu kinachopimika: urefu, muda, tungamo, kasi, kani. Vitu viwili vya aina tofauti vinaweza kuzidishwa au kugawanywa na matokeo yakawa na maana. Mita zikigawanywa kwa sekunde zinatoa kasi. Lakini haviwezi kujumlishwa, haviwezi kutolewa kimoja kwenye kingine, na haviwezi kuwa sawa. Hakuna kiasi chochote duniani kinachopatikana kwa kujumlisha kilo tatu na mita mbili. Kutokana na jambo hili dogo inapatikana njia ya haraka ya kunasa kosa la aljebra: jibu linapokamilika, na kabla ya kuweka namba yoyote, kila sehemu inayojumlishwa inakaguliwa ni ya aina gani. Zikipatikana sehemu mbili za aina tofauti zimeunganishwa kwa alama ya kujumlisha, jibu hilo ni kosa, na hakuna haja ya kutazama majibu yaliyo nyuma ya kitabu ili kujua hivyo.

Wazo hili liliwekwa wazi na mwanahisabati Mfaransa Joseph Fourier katika kitabu chake kuhusu joto kilichotoka mwaka 1822. Alieleza kwamba kila kiasi kina dimensheni zake, na kwamba sehemu za mlinganyo mmoja haziwezi kulinganishwa zisipokuwa na dimensheni zile zile. Baadaye katika karne hiyo hiyo, Mskoti James Clerk Maxwell aliieneza desturi ya kuandika dimensheni hizo kwa herufi tatu, moja ya tungamo, moja ya urefu na moja ya muda. Tangu hapo ukaguzi huu umekuwa sehemu ya kazi ya kila siku ya wahandisi na wanafizikia, ingawa wanafunzi wengi hufundishwa kama mada ya wiki moja mwanzoni mwa mwaka, wakaufanyia mtihani, kisha wakauacha kabla ya kufika kwenye maswali ambayo ungewasaidia kweli.

Mekanika ya kawaida inahitaji vizio vitatu tu vya msingi: kilo (kg) kwa tungamo, mita (m) kwa urefu na sekunde (s) kwa muda. Vingine vyote vinajengwa kwa hivyo, na hakuna sababu ya kuvikariri, kwa kuwa kila kanuni inayofahamika inavitoa bure. Mchapuko ni badiliko la kasi kwa kila sekunde, kwa hiyo ni m/s². Kani ni tungamo mara mchapuko, kwa hiyo ni kg·m/s², ambayo ndiyo nyutoni. Kazi ni kani mara umbali, kwa hiyo nishati ni kg·m²/s². Mtu aliyesahau kizio cha kitu fulani anatafuta mlinganyo wowote anaouamini wenye kitu hicho, anakiacha peke yake upande mmoja, kisha anasoma vizio vya upande wa pili.

Kiasi kimoja kinahitaji maelezo zaidi kwa sababu ndicho kitakacholeta taabu kwenye mfano unaofuata. Gurudumu likiwa limetulia, linapinga kuanza kuzunguka, na upinzani huo hautegemei tungamo lake tu bali pia jinsi tungamo hilo lilivyosambaa kutoka katikati. Kipimo chake huitwa momenti ya inesha, na herufi yake ni I. Kwa sahani iliyo nzima, yenye tungamo M na nusu kipenyo R, momenti hiyo ni ½MR². Ile ½ ni namba tupu, haina kizio. Kwa hiyo I ni kg·m².

Mfano wenyewe ni roda. Kamba imepitishwa juu ya roda, na kila ncha imefungwa mzigo: mzigo mzito wa tungamo m₁ upande mmoja na mwepesi wa tungamo m₂ upande mwingine. Kamba haitelezi juu ya roda, na ekseli haina msuguano. Kifaa cha namna hii kinajulikana kwa jina la Mwingereza George Atwood, mwalimu wa Cambridge aliyekieleza katika kitabu chake cha mwaka 1784; alikitumia kupunguza kasi ya anguko la vitu ili liweze kupimwa kwa saa za wakati ule. Swali ni hili: mizigo ikiachiwa, mchapuko wake, a, ni kiasi gani?

Vitabu vya mwanzo hudhani kwamba roda ni nyepesi mno hivi kwamba haihesabiki. Roda ya kweli ina tungamo, na sehemu ya uzito wa mzigo inatumika kuizungusha. Kwa hiyo mkazo wa kamba hauwi sawa pande zote mbili: upande wa mzigo mzito ni T₁, upande wa mzigo mwepesi ni T₂. Mzigo mzito unashuka na mwepesi unapanda, na milinganyo ni mitatu:

m₁g − T₁ = m₁a

T₂ − m₂g = m₂a

(T₁ − T₂)R = Iα

Herufi α ni mchapuko wa mzunguko wa roda. Kwa kuwa kamba haitelezi, a = αR. Hapa wanafunzi wengi hukwama kidogo, kwa kuwa α hupimwa kwa radiani kwa sekunde ya mraba, na ikizidishwa kwa mita inaonekana kama imebaki radiani isiyotakiwa. Radiani ni urefu wa tao uliogawanywa kwa nusu kipenyo, yaani mita kwa mita, na hizo zinafutana. Katika ukaguzi wa vizio radiani inahesabiwa kuwa namba tupu, kwa hiyo α ni 1/s², na αR ni m/s² kama inavyotakiwa.

Sasa kazi inaanza, na kosa litawekwa humo kwa makusudi, la aina inayotokea kweli. Kutoka mlinganyo wa kwanza, T₁ = m₁g − m₁a. Kutoka wa pili, T₂ = m₂g + m₂a. Ukitoa wa pili kwenye wa kwanza:

T₁ − T₂ = (m₁ − m₂)g − (m₁ + m₂)a

Kwenye mlinganyo wa tatu, mwanafunzi anajua kwamba α ni a/R. Anaiweka mahali pake, anaona R chini ya a, na kwa haraka anaamini kwamba ameshaishughulikia ile R iliyokuwa upande wa kushoto. Anaandika:

T₁ − T₂ = Ia/R

Anaendelea bila kosa jingine lolote. Anaunganisha mistari miwili, anakusanya sehemu zenye a upande mmoja, anagawanya, na kupata:

a = (m₁ − m₂)g / (m₁ + m₂ + I/R)

Jibu linapendeza. Lina umbo linalotarajiwa: tofauti ya mizigo juu, jumla ya vitu vinavyosogezwa chini, na roda imeongezwa kwenye jumla hiyo. Namba zikiwekwa mapema, halitazua shaka yoyote. Mzigo mmoja ukiwa wa kilo 3 na mwingine wa kilo 2, roda ikiwa sahani ya kilo 2 yenye nusu kipenyo cha mita 0.1, momenti ya inesha inakuwa 0.01 kg·m². Kwa g ya 9.8 m/s², mwanafunzi anapata 9.8/5.1, yaani 1.92 m/s². Bila roda jibu lingekuwa 9.8/5, yaani 1.96. Roda imepunguza mchapuko kidogo, jambo linaloingia akilini kabisa, na mwanafunzi anaweka kalamu chini akiwa ameridhika.

Vizio havidanganyiki hivyo. Sehemu ya chini ya jibu ina vitu vitatu vinavyojumlishwa. m₁ ni kilo. m₂ ni kilo. I/R ni kg·m² iliyogawanywa kwa m, kwa hiyo ni kg·m. Kilo zimejumlishwa na kilo·mita. Jibu haliwezi kuwa sahihi, na ukaguzi wenyewe umechukua sekunde chache.

Inafaa kuona kwa nini hukumu hiyo ni kali kiasi hicho, maana kuna wanaodhani kwamba vizio ni adabu tu ya uandishi. Vipimo vile vile vya roda vichukuliwe kwa sentimita. Nusu kipenyo ni sentimita 10, na momenti ya inesha ni 100 kg·cm². Katika kanuni yenye kosa, I/R inakuwa 10, sehemu ya chini inakuwa 15, na mchapuko unashuka hadi 0.65 m/s². Roda ni ile ile, mizigo ni ile ile, kilichobadilika ni rula iliyotumika kupimia, na jibu limepungua hadi karibu theluthi moja. Kwenye kanuni sahihi, yenye I/R², hesabu ya mita inatoa 0.01/0.01, na ya sentimita inatoa 100/100. Zote mbili ni kilo 1. Sehemu ya chini ni kilo 6 kwa vyovyote vile, na mchapuko ni 1.63 m/s². Mzigo unaoanguka haujui kama aliyepima roda alitumia rula ya mita au ya sentimita, na kanuni inayotoa majibu mawili kwa sababu ya rula haielezi mzigo huo.

Kujua kwamba jibu lina kosa ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kulitafuta, na hapa vizio vinasaidia hata zaidi. Kila mstari wa hesabu ni mlinganyo, na kila mlinganyo unaweza kukaguliwa peke yake. Mistari iliyo kabla ya kosa itakuwa sawa kwa vizio. Mistari yote inayofuata itabeba ugonjwa ule ule. Kwa hiyo hakuna haja ya kurudia hesabu nzima kutoka mwanzo. Unachukuliwa mstari wa katikati. Ukiwa salama, kosa liko baada yake. Ukiwa na kasoro, liko kabla yake au hapo hapo. Katika mfano huu, mstari wa T₁ − T₂ = (m₁ − m₂)g − (m₁ + m₂)a ni salama: kila sehemu ni kilo mara m/s², yaani kani, na upande wa kushoto ni kani. Mstari wa T₁ − T₂ = Ia/R si salama. Kushoto ni kani, kulia ni kg·m² mara m/s² gawanya kwa m, yaani kg·m²/s², ambayo ni nishati. Mstari uliotangulia, (T₁ − T₂)R = Iα, una kg·m²/s² kushoto na kulia, kwa hiyo ni salama. Kosa limebanwa kwenye hatua moja.

Zaidi ya hapo, vizio vinaonyesha aina ya kosa. Upande wa kulia una mita moja ya ziada, kwa hiyo ama urefu mmoja umesahaulika kugawanya, ama umezidishwa pasipotakiwa. Katika swali hili urefu uliopo ni mmoja tu, R, na mshitakiwa anajulikana mara moja. Swali likiwa na urefu zaidi ya mmoja, kwa mfano R ya roda na h ya kimo cha anguko, vizio vitasema mita moja imepotea lakini havitasema ni ya nani. Hapo ni lazima kurudi kwenye hatua yenyewe na kuifikiria upya. Kubandika R kwenye jibu la mwisho ili vizio vikae sawa ni hatari, kwa kuwa jibu linaweza kunyooka kwa vizio na likabaki la uongo.

Makosa mengine ya aljebra yanayonaswa kwa njia hii yanafanana na hilo. Kuna la kukusanya sehemu zenye a, kisha kuiacha herufi hiyo nyuma kwenye mojawapo, ikabaki (m₁ + m₂)a + I/R². Sehemu ya kwanza ni kani na ya pili ni kilo tupu. Kuna la kugawanya sehemu moja ya mlinganyo na kusahau nyingine. Kuna la kusahau mraba ndani ya kipeuo cha pili. Mzigo ulioanza kwa kasi u na kushuka umbali h una kasi v = √(u² + 2ah), ambapo u² ni m²/s² na ah nayo ni m²/s². Akiandika mtu √(u + 2ah), amejumlisha kasi na mraba wa kasi, na hilo linaonekana hata kabla ya kutoa kipeuo.

Sehemu ambayo haikaguliwi mara nyingi, na inastahili kukaguliwa kuliko nyingi, ni kipeo cha e pamoja na vilivyo ndani ya sin na cos. Kitu kinachoanguka kwenye majimaji mazito hupingwa na kani inayokua pamoja na kasi, bv. Kwa kuwa bv ni kani, b ni kg·m/s² gawanya kwa m/s, yaani kg/s. Kitu hicho kikianza kutoka kwenye utulivu, na nguvu ya majimaji ya kukieleza juu ikiachwa kando, kasi yake baada ya muda t ni:

v = (mg/b)(1 − e^(−bt/m))

Kipeo cha e lazima kiwe namba tupu. Sababu yake ni ile ile ya mwanzo, kwa kuwa e^x ni mkato wa 1 + x + x²/2 na kuendelea. Kama x ingekuwa mita, mlolongo huo ungejumlisha namba, mita na mita za mraba. Katika bt/m kuna kg/s mara s gawanya kwa kg, na vyote vinafutana. Mtu aliyegeuza sehemu hiyo juu chini wakati wa kutafuta intigro, akaandika mt/b, atapata s², na kosa litaonekana papo hapo. Na kipande cha mbele, mg/b, ni kg·m/s² gawanya kwa kg/s, yaani m/s: ni kasi, na ndiyo kasi ya mwisho ambayo kitu hicho hukaribia.

Ukaguzi huu wote unategemea sharti moja, kwamba herufi zibaki herufi hadi mwisho. Mwanafunzi anayeweka namba tangu mstari wa kwanza, akaandika 3g − T₁ = 3a, ameifuta alama ya kilo kwenye karatasi. Mistari mitano baadaye, 5 iliyopo kwenye hesabu yake inaweza kuwa kilo, inaweza kuwa mita, na hakuna anayeweza kujua. Kosa lile lile la R lingemfikisha kwenye 9.8/5.1 pasipo dalili yoyote. Jambo hili hutokea pia kwa upande wa maswali yenyewe. Swali likisema kwamba umbali wa kitu ni x = 3t², mwanafunzi makini atalalamika kwamba kushoto ni mita na kulia ni sekunde za mraba. Hakuna kosa: ile 3 ni 3 m/s², ila mtunzi hakuandika kizio chake. Namba za namna hiyo zinafaa kupewa herufi mwanzoni, x = kt², ili k ibebe kizio chake na ukaguzi uweze kuendelea.

Kuna tofauti kati ya dimensheni na vizio ambayo haifai kusahaulika. Mita, sentimita na futi ni vizio tofauti vya dimensheni moja, urefu. Kanuni inaweza kuwa sahihi kabisa kwa dimensheni, na bado namba zikaingia kwa vizio visivyopatana. Chombo cha anga cha Marekani kilichoitwa Mars Climate Orbiter kilipotea hivyo tarehe 23 Septemba 1999. Programu moja ya kompyuta huko duniani ilitoa msukumo wa injini zake ndogo kwa vizio vya Kiingereza, ratili za kani mara sekunde, wakati programu iliyopokea hesabu hizo ilizichukua kuwa nyutoni mara sekunde. Ratili moja ya kani ni karibu nyutoni 4.45. Dimensheni zilikuwa sawa pande zote mbili, kwa hiyo ukaguzi wa herufi pekee usingeona kitu. Kilichohitajika ni kizio kuandikwa kando ya kila namba. Chombo kilifika Mars kikapita chini mno, ndani ya angahewa ya sayari hiyo, na hakikusikika tena.

Kipofu kikubwa cha ukaguzi wa vizio, hata hivyo, ni alama na namba tupu. Achukuliwe mwanafunzi mwingine ambaye hesabu yake ya roda imenyooka isipokuwa mlinganyo wa pili: ameandika m₂g − T₂ = m₂a, kana kwamba mizigo yote miwili inashuka. Akiendelea kwa uangalifu atapata:

a = (m₁ − m₂)g / (m₁ − m₂ + I/R²)

Vizio havina neno hapa. Chini kote ni kilo. Kinachohitajika ni kujaribu hali za pembeni ambazo jibu lake linajulikana bila hesabu. Mizigo ikiwa sawa, m₁ = m₂, hakuna upande utakaoshuka, na a lazima iwe sifuri. Kanuni hii inatoa sifuri, kwa hiyo imepita, na mwenye haraka angeishia hapo. Hali ya pili inaiumbua. Roda ikiwa nyepesi mno, I ni sifuri, na kanuni inatoa a = g kwa mizigo yoyote ile. Kilo 3 zikivutana na kilo 2 zingeanguka kama jiwe lililoachiwa hewani, na kilo 2 za upande wa pili zisingezuia chochote. Hilo haliwezekani. Tena, mzigo wa pili ukiwa mzito kuliko wa kwanza kwa kiasi kilicho sawa na I/R², sehemu ya chini inakuwa sifuri na mchapuko hauna mwisho. Kanuni sahihi haina tabia hizo, kwa kuwa chini yake kuna jumla ya vitu visivyo hasi, na a haiwezi kamwe kuzidi g.

Kiasi tupu kama 2 au ½ ni kigumu zaidi, kwa kuwa kinapita kwenye vizio na mara nyingi kinapita hata kwenye hali za pembeni. Hapo njia ya kuaminika ni kulifikia jibu kwa barabara nyingine. Kwa mfano wa roda, barabara hiyo ni nishati. Mzigo mzito ukishuka umbali h, nishati iliyotolewa ni (m₁ − m₂)gh, nayo imegeuka kuwa mwendo wa mizigo na mzunguko wa roda:

(m₁ − m₂)gh = ½(m₁ + m₂)v² + ½Iv²/R²

Kwa kuwa v² = 2ah, h inafutika na a inatoka ile ile, yenye I/R² chini. Lakini aliyesahau ½ kwenye sehemu ya roda atapata 2I/R² mahali pa I/R², na kwa namba za mwanzo mchapuko wake utakuwa 9.8/7, yaani 1.4 m/s², badala ya 1.63. Vizio vya majibu yote mawili ni sawa. Mizigo ikilingana, yote mawili yanatoa sifuri. Roda ikiwa haina tungamo, yote mawili yanatoa jibu moja. Tofauti imeonekana tu kwa sababu barabara mbili zimefika mahali pawili.

Kuamua ipi ni sahihi kunahitaji hali ya pembeni iliyochaguliwa vizuri zaidi. Roda ichukuliwe kuwa pete, tungamo lake lote M likiwa kwenye ukingo. Kila chembe ya pete hiyo iko umbali R kutoka katikati, kwa hiyo I = MR², na I/R² ni M. Ukingo unakwenda kwa kasi ile ile ya kamba, maana kamba haitelezi. Kwa hiyo pete inapaswa kuhesabika kama tungamo M lililofungwa kwenye kamba, linalosogezwa pamoja na mizigo bila kuongeza uzito upande wowote, na sehemu ya chini inapaswa kuwa m₁ + m₂ + M. Jibu lenye I/R² linatoa hivyo. Lenye 2I/R² linaihesabu pete ile ile mara mbili.